Namna ya kumpa rafiki cheo cha utani kikamkaa: mwongozo kutoka kijiweni Ngamiani

Kijiwe chetu kipo kwenye moja ya zile barabara za namba za Ngamiani, Tanga, kando ya fundi baiskeli. Kuna benchi mbili za mbao, meza ya dhumna iliyopinda mguu mmoja, muuza kahawa anayefika alasiri na birika lake, na kiti kimoja tu cha plastiki chenye mikono. Hicho kiti ndicho kilichompa rafiki yetu cheo cha Mwenyekiti wa Usingizi, na kisa chake ndicho nitakachokitumia hapa, maana nilikuwapo tangu uteuzi hadi kustaafu.

Watu wengi hudhani kumpa mtu cheo cha utani ni kuropoka tu. Unamwona mvivu, unamwita bosi wa wavivu, watu wanacheka, basi. Cheo cha namna hiyo hakimalizi hata wiki. Kinachokaa mwaka mzima, mpaka mama mwenye nyumba naye akakitumia, kina ufundi wake, na ufundi wenyewe uko sehemu tatu: kuchagua ofisi, kutangaza uteuzi, na kujua umpe nani na usimpe nani. Hii ya tatu ndiyo ngumu.

Chunguza kwanza kazi ya ofisi

Njia nyepesi kuliko zote ni kumwita mtu "mzee wa" kitu fulani. Mzee wa kulala, mzee wa chapati. Si mbaya, na imewahi kufika mbali: Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza kuanzia 1985 hadi 1995, alijulikana nchi nzima kama Mzee Ruksa, kwa sababu enzi zake mambo mengi yaliyokuwa yamefungwa yalifunguliwa. Lakini "mzee wa" humtaja mtu na jambo lake, halafu ikaishia hapo. Haina mzaha ndani yake. Cheo cha ofisi kina mzaha kwa sababu kila ofisi ina kazi inayojulikana, na msikilizaji mwenyewe ndiye anayeilinganisha kazi hiyo na tabia ya rafiki yako. Akishalinganisha, anacheka. Ukimlinganishia wewe, umemnyang'anya kicheko.

Kwa hiyo usianze na tabia, anza na swali hili: ofisi ninayoifikiria hufanya nini hasa kila siku? Jamaa yetu alikuwa akifika saa kumi alasiri, anakunywa vikombe viwili vya kahawa chungu, anatafuna kashata moja, anakaa kwenye kile kiti cha mikono, na kabla dhumna halijaisha mzunguko mmoja ameshalala. Kahawa na usingizi vilipatana vipi, hilo tulimwachia Mungu. Tulipoanza kumtafutia cheo, wa kwanza alisema Mkurugenzi wa Usingizi. Tukaikataa. Mkurugenzi ni mtendaji: anasaini, anasimamia, anafukuzana na mafaili. Huyu hasimamii chochote, wala hata kusimama kwenyewe ni kwa nadra. Mwingine akasema Balozi wa Usingizi. Hiki ni kizuri, lakini ni cha mtu mwingine: balozi huiwakilisha nchi yake ugenini, kwa hiyo kinamfaa anayelala kwenye daladala, kwenye mkutano wa wazazi na kwenye harusi za watu. Jamaa yetu hakuwahi kulala ugenini. Alilala palepale.

Ndipo fundi baiskeli, akiwa ameinamia gurudumu, akasema bila kutuangalia, "Si ndiye mwenye kiti?"

Hapo hakukuwa na la kuongeza. Mwenyekiti ni mwenye kiti. Kazi yake ni kukaa mbele, kufungua kikao, kunyamaza wengine wakibishana, na kufunga kikao. Jamaa alikuwa akiyafanya yote hayo, ila kwa macho yaliyofumba.

Mambo mawili yalikutana hapo, na ndiyo nakuomba uyatafute: kazi ya ofisi iwe inalingana na tabia, na jina la ofisi lenyewe liwe na maana ya pili. Kiswahili kimejaa vyeo vya namna hii vinavyosubiri watu wao. Mpiga kelele anaitwa Spika, na kila mtu anajua spika ya bungeni na spika ya kwenye ngoma. Mchezaji anayedondoka kila akiguswa kule uwanjani ni Kamishna wa Ardhi. Shangazi yangu mmoja, anayejua nyumba ipi imepika nini na nani amenuniana na nani, wanawake wenzake walimpa Waziri wa Mambo ya Ndani, na ninakiri kwamba wanawake wa mtaani kwetu wanatushinda sana katika fani hii. Wao tayari wana kijumbe, yule anayekusanya fedha za upatu, jina linalofanana na jumbe, mkubwa wa mji wa zamani. Cheo kimepunguzwa kwa herufi mbili kikawa cha kushika daftari la michango.

Cheo kisizidi maneno manne au matano, maana kitaitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Mwenyekiti wa Usingizi kinaitika. Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Usingizi na Mapumziko ya Alasiri ni kizuri siku ya kuapishwa tu.

Tangaza kwa lugha ya serikali, na usicheke

Lugha ya utangazaji ndiyo nusu ya kazi. Ukitabasamu umeharibu. Mzaha wote unatokana na kwamba maneno ni mazito na jambo ni dogo, kwa hiyo maneno lazima yabaki mazito mpaka mwisho. Bahati nzuri sote tumekua tukisikia taarifa za uteuzi redioni, tunazijua kwa mpangilio wake: nani ameteuliwa, alikuwa nani kabla ya hapo, anachukua nafasi ya nani, na uteuzi unaanza lini. Fuata mpangilio huohuo. Usiuboreshe.

Siku ya kumteua tulisubiri alale. Nikasimama, nikakohoa, nikasoma nyuma ya karatasi ya kufungia kashata:

"Ndugu wajumbe, itifaki imezingatiwa. Kijiwe kinapenda kuwatangazia kwamba kimemteua ndugu yetu kuwa Mwenyekiti wa Usingizi. Kabla ya uteuzi huu alikuwa akilala kama raia wa kawaida. Anachukua nafasi iliyokuwa wazi kutokana na wenzake wote kuwa macho. Uteuzi huu unaanza mara moja."

Angalia sentensi ya tatu. Taarifa halisi husema, "Kabla ya uteuzi huu alikuwa Katibu Tawala wa mahali fulani." Nimeiacha sura yake ileile, nimebadilisha kilichomo ndani tu. Hilo ndilo fundisho zima la kuandika tangazo la utani. Usiongeze vichekesho, chukua sentensi ambayo kila mtu anaijua kwa moyo, uitie kitu kidogo cha mtaani kwenu.

Baada ya hapo usiseme zaidi. Kaa. Ni zamu ya mteuliwa, na jibu lake ndilo litakaloamua kama cheo kimekubaliwa. Jamaa yetu alifumbua jicho moja, akatutazama, akauliza, "Akidi imetimia?" Akafumba tena. Muuza kahawa alimwaga kikombe. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Naye hakutuacha hivihivi. Kesho yake, akiwa macho kwa dakika zake chache, alitumia mamlaka yake mapya kuniteua mimi Katibu Mwenezi, kwa sababu, alisema, hakuna siri iliyopita mkononi mwangu ikafika Barabara ya 5 ikiwa bado siri. Iliuma kidogo, maana ni kweli. Lakini lazima iwe hivyo. Ukimpa mtu cheo, kubali kupewa. Kijiwe chenye mtu mmoja anayegawa vyeo na yeye hana, si utani tena, huyo anajitafutia ukubwa.

Pwani haikuanza jana

Tupite kidogo pembeni, maana kuna vijana wanaodhani mchezo huu umeletwa na simu. Kuanzia miaka ya 1890 pwani hii ilivuma ngoma iliyoitwa beni, jina lililotokana na bendi, na vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilisambaa kutoka pwani hadi bara. Tanga nayo ilikuwamo. Wachezaji walivaa sare, wakatembea kwa mwendo wa gwaride, na wakapeana vyeo: kingi, jenerali, kapteni, kila mmoja na heshima yake na saluti yake. Kuli wa bandarini mchana, jenerali usiku. Wakoloni waliangalia wakashindwa kuelewa kama wanaigwa au wanachekwa, na nadhani wachezaji wenyewe hawakuwa na haraka ya kuwaelewesha.

Ninachotaka ukione hapo ni kwamba cheo cha mchezo kina heshima ya kweli ndani yake. Jenerali wa beni aliheshimiwa na chama chake. Mwenyekiti wetu vilevile: siku mtu mgeni alipokaa kwenye kile kiti, aliinuliwa. Kama cheo ulichokitoa hakina hata chembe ya heshima, hicho si utani, ni dhihaka, na Waswahili hawavichanganyi vitu hivyo viwili.

Nani umpe, nani usimpe

Utani una njia zake. Binamu yako ni mtani wako, shemeji yako pia, na bibi anaweza kumwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" mbele ya watu wote bila mtu kukunja uso. Hao wape vyeo utakavyo. Rika lako la kijiweni wape. Mkwe usimguse, hata akiwa mcheshi kuliko wote. Mzee anayelingana na baba yako mwache akuteue yeye kwanza, akishakuita "Mheshimiwa" mara mbili tatu ameshakufungulia mlango, na hata hapo ingia polepole.

Vyeo vya dini viache kabisa. Sheikh, maalim, sharifu: katika mji kama huu hayo ni majina ya watu wanaoishi nyumba ya tatu, na kumwita mlevi sheikh hakumtanii mlevi, kunamtusi sheikh. Vyeo vya serikali vina nafasi, lakini vibaki kijiweni. Jamaa mmoja alimhifadhi rafiki yake kwenye simu kwa jina la Kamanda wa Polisi. Simu ikapotea, aliyeiokota akataka kupiga namba yoyote ili airudishe, akaona "Kamanda wa Polisi" amepiga mara saba. Simu hiyo haijarudi mpaka leo.

Kuna kipimo kimoja nakitegemea kuliko vyote: tabia unayoitania, je, mwenyewe anaichagua au imempata? Mwenyekiti alikuwa akilala kwa sababu anapenda kulala. Tuliuliza kwanza. Nyumbani kwake walisema usiku analala vizuri, hana homa, hana mtoto mchanga wala hafanyi kazi ya ulinzi. Kama angekuwa mlinzi wa zamu ya usiku, usingizi wake wa alasiri ungekuwa uchovu wa kazi, na sisi tungekuwa tunacheka jasho la mtu. Mwili, ugonjwa, ugumba, kukosa kazi, kuachwa na mke: haya yamempata mtu, hayana cheo.

Nilivyoharibu mara moja

Haya siyasemi kama mtu aliyesoma. Nilikosea mwenyewe.

Tulikuwa na mwenzetu ambaye hakuwahi kulipia kahawa. Kikombe kikifika anasema, "Nitamalizana naye kesho." Mimi, kwa kujiona fundi, nikamteua Gavana wa Benki Kuu: fedha anazo, ila kuziingiza kwenye mzunguko ni sera. Cheo kilikuwa kizuri. Kazi ya ofisi ililingana, lugha ilinyooka, watu walicheka mpaka fundi akaacha pampu. Kila kitu nilichokuelezeni hapo juu nilikifuata, isipokuwa kuuliza.

Hakuwa bahili. Kibarua chake kwenye shamba la mkonge kilikuwa kimekwisha miezi kadhaa nyuma na hakumwambia mtu. Alitoka nyumbani kila siku kwa saa zilezile ili mkewe asijue.

Dalili zilikuwapo, nami sikuzisoma. Siku ya uteuzi alicheka, lakini alicheka baada ya wenzake, kama mtu anayefuata. Hakujibu kwa cheo chochote. Wiki ile hakumtania mtu. Kisha ikaja dalili kubwa kuliko zote: alifika siku moja akalipia kahawa ya kijiwe kizima, watu tisa, noti ikitoka mfukoni imekunjwa mara nne. Sisi tukapiga makofi, "Gavana ameshusha riba!" Kumbe alikuwa amekopa. Mtu akianza kutenda kinyume cha cheo chake kwa gharama, jua kimemchoma. Siku chache baadaye alihamia kijiwe kingine, upande wa Chumbageni.

Anayefurahia cheo utamjua kwa namna nyingine kabisa. Anakitumia mwenyewe, anatoa maagizo kwa jina la ofisi, anadai marupurupu. Mwenyekiti alipokaa mwezi mmoja alianza kulalamika kwamba ofisi haina mto. Aliyechomwa hakitaji cheo hata mara moja, anakiitikia tu.

Kurekebisha kulinichukua muda. Nilitaka kwanza kutangaza kijiweni kwamba uteuzi wa Gavana umetenguliwa na atapangiwa kazi nyingine. Fundi akanizuia, na alikuwa na haki: kutengua kwa mbwembwe ni kumteua mara ya pili. Ukishamuumiza mtu mbele ya watu, dawa hainywewi mbele ya watu. Nilikwenda kwake jioni na machungwa ya Muheza kwenye mfuko, tukaongea habari za Coastal Union, za mvua, za bei ya sukari. Sikueleza kichekesho, wala sikusema "nilikuwa natania," neno ambalo humfanya aliyeumia aonekane hajui utani. Nilipoaga nikamwambia tu, "Mgosi, samahani kwa yale ya kijiweni." Akasema, "Yameisha." Kijiweni nikaacha kutaja cheo kile, na kila aliyekitaja nilimwitikia kwa kumtaja jamaa kwa jina lake halisi. Ndani ya wiki tatu kilikufa. Alirudi baada ya mfungo, akakaa benchi ya pili. Mpaka sasa hana cheo, na hakuna anayempa.

Kukitunza na kukistaafisha

Cheo kizuri hakihitaji kutajwa kila dakika. Sisi tulikuwa tunamwita Mwenyekiti kwa kawaida kabisa, kama jina, na ile "wa Usingizi" tukaiacha imalizwe na wageni wenyewe walipomwona. Mara mojamoja ofisi hupewa tukio. Siku aliposinzia akaamka saa moja usiku watu wameshaondoka, tuliandika kwenye kundi la wasapu kwamba Mheshimiwa Mwenyekiti amehitimisha kikao cha saa tatu kilichofanyika kwa mafanikio makubwa. Mara moja kwa mwezi inatosha. Ukizidisha, mtu anaanza kuigiza usingizi ili kuwafurahisha, na hapo cheo kimemgeuza mcheza maigizo.

Mwaka jana alipata kazi bandarini. Anaamka alfajiri, alasiri yuko kazini, na siku za mapumziko akija kijiweni halali tena, anacheza dhumna na anafungwa kama sisi wengine. Tulijadili la kufanya. Wapo waliotaka ateuliwe upya kwa jambo jingine. Mimi nilisema hapana, tabia ikiisha kwa heri, cheo kisitenguliwe, kistaafishwe. Tukamsomea taarifa fupi, tukamshukuru kwa utumishi uliotukuka akiwa amelala, na tangu hapo ni Mwenyekiti Mstaafu.

Kiti kimebaki palepale. Juzi kijana mmoja mgeni, mpwa wa muuza kahawa, alikikalia akaegemea, macho yakaanza kulegea. Fundi aliweka spana chini, akamtazama kwa uso mkavu, akamuuliza:

"Kijana, una barua ya kukaimu?"